Aliyefungwa ndiye agawe, au zamu izunguke?

Mwenye Jamvi: Watu 4, karata zote 52, mchezo wa turufu. Mmoja anasema aliyefungwa ndiye agawe, mwingine anataka zamu. Tena wanabishana nani akate na mgao uelekee wapi. Semeni.

Kopa Tupu: Aliyefungwa agawe, ndiyo adhabu yake. Na kukata ni lazima. Zikishakatwa, mgawaji hana ujanja tena.

Mzee wa Pau: Hapo kwenye kukata umepatia nusu. Hatari ni karata ya chini kabisa, maana mchangaji mzembe huiona. Tuseme ni ree ya kopa. Isipokatwa inatoka ya 52, na ya 52 ni yake mgawaji. Mkataji akinyanyua 23 za juu, zile 29 za chini zikapanda, ree inakuwa ya 29 na inamwendea mtu wa kwanza. Angenyanyua 20 ingekuwa ya 32, na hiyo inarudi palepale kwa mgawaji. Kwa hiyo kukata hakumnyimi ree, kunamnyima kujua itamwangukia nani.

Akate mtu wa mwisho kupewa kabla ya mgawaji. Huyo ni mpinzani, si mwenzi wake. Abakishe walau 5 kila upande. Akinyanyua moja tu, ree inakuwa ya 51, yake yeye mkataji!

Binti Shupaza: Mimi nasema anayekata kwa turufu na kopa bado anazo mkononi, afungwe hapo hapo.

Kopa Tupu: Dada, ni kukata rundo kabla ya kugawa. Hilo lako lina mjadala wake.

Mzee wa Pau: Upande: kopa, pau na turufu ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na mchezo wao wa karata, sueka, huzunguka kulia. Wisti ya Waingereza huzunguka kushoto. Chagueni mmoja, ila uchezaji ufuate mgao.

Adhabu ndiyo siioni. Kwenye turufu mgawaji hucheza wa mwisho raundi ya kwanza, ameshaona karata 3. Na kama turufu ni ile ya mwisho iliyofunuliwa, inabaki mkononi mwake. Hiyo ni zawadi kwa aliyefungwa! Zamu izunguke, kila mtu mara 1 katika migao 4.

Jirani wa Kona: Sisi tunacheza lasti kadi. Huko mgawaji akianza wa mwisho, wenzake 3 wameshapunguza karata zao. Aliyefungwa akigawa tena na tena, anazidi kuzama.

Kopa Tupu: Basi huko ni adhabu kweli, sikukosea sana.

Binti Shupaza: Na mtu akikutwa na karata 14, mwingine 12?

Mzee wa Pau: Zikusanywe zote, zichangwe na kukatwa upya. Wisti ya zamani ilimnyang'anya mgawaji zamu yake.

Kopa Tupu: Nyumbani arudie yeye yule. Mkianza kunyang'anyana zamu, hamtakumbuka nani anafuata.

Mzee wa Pau: Akirudia, kosa limempa turufu ya mwisho mara ya pili. Sikubali.