Ng'ombe 14, mhimilishaji yuko mbali: prostaglandini mara mbili, Ovsinki au kifaa cha ukeni?

Maziwa_Njombe
Wakuu, kikundi chetu kina ng'ombe 14 chotara wa Friziani, wote wamezaa zaidi ya siku 60 zilizopita. Mhimilishaji anatoka mjini, hawezi kuja kila ng'ombe mmoja anapoingia joto, kwa hiyo tunataka kuoanisha joto lao. Daktari amewapima kwa mkono: wanane wana mwili wa njano kwenye ovari, ile tezi ya progesteroni inayobaki baada ya yai kutoka, wanne wamekonda na ovari zao ni laini na tambarare, wawili wana mimba ambayo hatukuijua. Kuna njia tatu mezani: prostaglandini mara mbili, Ovsinki yaani ratiba ya sindano tatu za homoni kwa saa maalumu, au kile kifaa cha progesteroni kinachowekwa ukeni. Ipi ina faida kwa hali hii?

Mzee_wa_Malisho
Usijisumbue na mambo mengi. Piga prostaglandini wote, siku ya tatu pandisha. Asiyeingia joto mwongezee dozi, dawa nyingi siku hizi ni dhaifu.

DaktariWaZizi
Kwanza hao wawili wenye mimba watengwe kabla sindano haijafunguliwa. Prostaglandini inaharibu mimba, hasa changa. Waandikieni namba kubwa ya rangi mgongoni, maana asubuhi ya kazi wanafanana.

Mzee ana hoja kwamba prostaglandini ndiyo nafuu kuliko zote, na dawa iliyokaa juani kweli hupungua nguvu. Ila kuongeza dozi hakutatui tatizo lenyewe. Dawa hii haiamshi joto, inavunja mwili wa njano tu. Mwili huo ukiwa na umri wa chini ya siku tano hivi tangu joto lililopita, hausikii hata ukipiga dozi mbili. Ukiwa haupo kabisa, kama kwa wale wanne waliokonda, dawa haina cha kuvunja. Ndiyo sababu hurudiwa baada ya siku 11 hadi 14: aliyekuwa mchanga siku ya kwanza sasa mwili wake umekomaa.

Hata ikifanya kazi, joto halitoki siku moja. Ng'ombe ambaye yai lake kubwa liko tayari huingia joto baada ya siku mbili, na ambaye yai ndiyo linaanza kukua huchelewa hadi siku nne au tano. Ukipandisha wote saa 72 baada ya sindano, wengine umewahi na wengine umechelewa. Prostaglandini inafaa palipo na mtu wa kuangalia joto asubuhi na jioni, na mhimilishaji anayeitika kwa simu. Mmeshasema hamna.

Maziwa_Njombe
Basi Ovsinki. Tupangie siku, daktari, kwa saa kabisa.

DaktariWaZizi
Jumatatu saa 2 asubuhi gonadorelini, homoni ya kutoa yai, maikrogramu 100. Jumatatu inayofuata saa 2 asubuhi prostaglandini: dinoprosti miligramu 25, au kloprostenoli maikrogramu 500, kwa mililita zilizoandikwa kwenye chupa yenu. Jumatano hiyo saa 10 jioni gonadorelini tena, yaani saa 56 baada ya prostaglandini. Alhamisi saa 2 asubuhi, saa 16 baadaye, wote wanapandishwa bila kujali kama wameonyesha joto.

Mtihani uko kwenye saa. Gonadorelini ya pili ndiyo inayotoa yai, na yai hutoka kati ya saa 24 na 32 baadaye. Mhimilishaji akija Ijumaa mchana badala ya Alhamisi asubuhi, yai limeshazeeka likingoja mbegu. Kabla ya kuanza, hakikisheni ana mbegu za kutosha na mtungi wenye nitrojeni.

Sindano ziingie ndani ya nyama ya shingo. Dawa ikibaki kwenye mafuta chini ya ngozi, ng'ombe hajapata dozi. Na akina mama wajawazito pamoja na wenye pumu wasishike prostaglandini: hupenya kwenye ngozi.

Binti_Mfugaji
Mimi nina mtamba wa miezi 20, kilo kama 190, hajawahi kuonyesha joto. Nimuanzishie Ovsinki hiyo Jumatatu?

DaktariWaZizi
Hapana, dada. Kwa kilo 190 shida ni mwili haujafika. Mlishe kwanza, mpimeni minyoo, na asubiri angalau kilo 250 hivi kwa chotara. Tena mitamba hata iliyokomaa huitikia Ovsinki vibaya kuliko ng'ombe wa maziwa, kwa sababu mayai yao hukua kwa mawimbi ya haraka na sindano ya kwanza mara nyingi haitoi yai. Kwao prostaglandini na jicho la mfugaji hufanya vizuri zaidi.

FundiMrija
Naongeza upande wa mhimilishaji, kwa sababu Ovsinki ikishindwa lawama huja kwetu. Kuna dalili mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni ng'ombe anayesimama kupandwa kabla ya Jumatano jioni. Sindano ya kwanza haikumshika, akaendelea na mzunguko wake. Msimngoje Alhamisi. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni, na sindano iliyobaki asipewe.

Ya pili inaonekana Alhamisi yenyewe. Ukiingiza mkono ukakuta mfuko wa uzazi umelegea, mlango wa kizazi umebana na hakuna ute hata kidogo, mwili wa njano huenda haukuvunjika na progesteroni bado iko juu. Mbegu hiyo karibu imepotea. Kwa ng'ombe wa maziwa mengi hili hutokea kwa sababu mwili wa njano mpya, uliotokana na sindano ya kwanza, una umri wa siku kama sita tu na dozi moja haiumalizi. Wengine hurudia prostaglandini Jumanne, saa 24 baadaye, na saa nyingine zinabaki zilezile.

Mzee_wa_Malisho
Kumbe dozi ya pili inasaidia! Nilisema nini?

FundiMrija
Inasaidia mzee, lakini kwa mwili wa njano wa siku sita. Wa siku mbili hausikii.

Maziwa_Njombe
Na wale wanne waliokonda?

DaktariWaZizi
Hapo ndipo kifaa kina kazi. Kinaingia Jumatatu ya kwanza pamoja na gonadorelini, kinatolewa Jumatatu ya pili mnapopiga prostaglandini, mengine ni ratiba ileile. Progesteroni hiyo inaiga mwili wa njano usiokuwapo, na baadhi yao huanza mzunguko. Osheni uke kwa nje, paka kilainishi, na kateni kamba fupi: wenzao hutafuna ikining'inia. Ute mzito unaotoka pamoja nacho si ugonjwa.

Kama hali ya mwili iko chini ya 2.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5, binafsi singetumia fedha hiyo sasa. Ningewalisha wiki sita, nikapima tena.

FundiMrija
Hapo sikubaliani kabisa, daktari. Ng'ombe wa 2.25 ambaye ameanza kupanda uzito nimeona akishika kwa kifaa. Anayeendelea kushuka, ndiyo, aachwe.

Maziwa_Njombe
Basi wanane Jumatatu, wanne tuwapime uzito kwa utepe wiki mbili mfululizo kwanza. Tutegemee mimba ngapi kwa wanane?

DaktariWaZizi
Mbili au tatu ni matokeo ya kawaida, kwa ng'ombe wa maziwa Ovsinki hushika kama 30 hadi 40 kwa 100. Angalieni joto kuanzia siku ya 18 hadi 24 baada ya Alhamisi ile, na anayerudi apandishwe siku hiyohiyo. Asiyerudi msimhesabu kuwa na mimba: apimwe, kwa sababu aliyesimamisha mzunguko naye hunyamaza vilevile.