Eti "NUNUA SIMU KUBWA"! Dalali wa matangazo kanitoa Makole hadi Kisasa bure

Mama Cherehani:
Mbukwenyi wana Dodoma. Naandika nikiwa bado natetemeka, mnisamehe nikikosea.

Jina simtaji, mnamjua. Yule dalali ambaye tangu anunue simu hajawahi kugusa herufi ndogo. Akikusalimia ni MAMBO VIPI, akitoa pole ya msiba ni POLENI SANA WAFIWA na moto tatu pembeni. Moto! Kwenye msiba!

Leo asubuhi niko kwenye cherehani, sare za shule zimenijaa mapajani, simu ipo mezani. Kioo kinawaka, juu kinadondoka hiki:

```
🚨🚨🔥🔥🔥 FREMU MPYA ZA KISASA…
```

Kikaishia hapo. Mimi natafuta fremu tangu mwaka jana, na nusu ya wateja wangu wanakaa Kisasa. Nikaacha sare nusu mshono, nikapanda boda, elfu mbili. Nafika Kisasa nauliza fremu mpya ziko wapi, watu wananitazama. Nafungua ujumbe, mtandao unazunguka tu. Nimesimama juani na vumbi lile mnalolijua hadi ukafunguka:

```
🚨🚨🔥🔥🔥 FREMU MPYA ZA KISASA ZINAPANGISHWA MAJENGO SOKONI 🏪👇👇
```

Majengo! Kumbe Kisasa si mtaa, ni fremu *za kisasa*, zina vioo na milango ya kukunja! Boda nyingine mpaka Majengo. Mzee mwenye fremu ananiambia, "Mwanangu, zilikuwa tatu, ya mwisho imeondoka sasa hivi."

Nikarudi kwenye kundi, nikaandika kwa adabu zote: kaka, kichwa cha tangazo lako kimenipoteza. Akanijibu mbele ya watu wote: NUNUA SIMU KUBWA DADA 😂😂😂

Nunua simu kubwa. Mimi nimepoteza fremu, nauli na asubuhi nzima, dawa yake ni ninunue simu kubwa!

Mjukuu wa Nzuguni:
Pole dada, lakini nimecheka hadi chai imenipalia. Ila na wewe, mtu anapanda boda kwa maneno manne?

Mama Cherehani:
Kichwa kinaandikwa ili mtu aliyeshika kazi aelewe bila kuacha kazi. Hicho hakikunieleza kitu, kilinidanganya. Halafu nikaambiwa ninunue simu kubwa!

Kaka Stesheni:
Nina duka la stesheneri, matangazo ya watu nayachapa kila siku, nami naomba niseme. Dada, hukukosea kusoma. Aliyeandika ndiye aliyefuta alama ambayo ingekuokoa.

Andika "fremu za kisasa", kisha chini yake "fremu za Kisasa". Ile K kubwa peke yake ni kibao cha mtaa. Sasa andika FREMU ZA KISASA. Kibao kimeng'olewa, hakuna anayeweza kujua. Hapa kwetu ndiyo hatari zaidi, maana mitaa yetu ina majina ya maneno ya kawaida. Majengo nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiandika MAJENGO MAPYA YANAUZWA, unaenda sokoni au unaenda kuangalia nyumba?

La pili ni nafasi. Fungua sehemu ya kuandika meseji, weka emoji tano, mstari wa chini weka herufi a kumi. Utaona emoji ndizo zilizoenda mbali. Kwa hiyo zile taa na moto zilikula nafasi ya zaidi ya herufi ndogo kumi kabla hajasema chochote. Kisha herufi kubwa zenyewe ni pana. Neno "majengo" kwenye simu yangu nikiliandika kwa herufi kubwa linarefuka kama moja ya tano. Mstari ulikuwa unamtosha kabisa, aliujaza moto.

Mama Cherehani:
Mungu akubariki. Hiyo ya kibao cha mtaa nitaituma kwenye kundi sasa hivi.

Bwana Bando:
Mmesahau gharama. Herufi kubwa na emoji zinakula salio. Mimi nilikuwa nawatumia wanachama wa kikundi chetu cha kukopeshana meseji za kawaida, nikiweka MKUTANO LEO na kengele moja, makato yanaruka mara mbili. Tangu hapo naandika kidogo kidogo.

Kaka Stesheni:
Nusu uko sahihi. Herufi kubwa haikuongezei hata senti, M na m ni sawa. Kengele ndiyo iliyokukata. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiingiza emoji moja tu, ujumbe wote unahamia kwenye uandishi mwingine na kikomo kinashuka hadi 70, na emoji yenyewe inahesabiwa kama mbili. Ujumbe wako wa herufi mia moja uliokuwa meseji moja unakuwa meseji mbili. Toa kengele, bakiza MKUTANO ukitaka, utaona. Kwenye makundi ya bando hesabu hiyo haipo.

Bwana Bando:
Kengele moja! Na nilikuwa naiweka kila wiki.

Mjukuu wa Nzuguni:
Sasa tuseme ukweli, simu ya dada ni ndogo. Mimi kwenye yangu hicho kichwa kingefika karibu na Majengo.

Mama Cherehani:
Wewe ni ndugu yake dalali? Maana ni yale yale. NUNUA SIMU KUBWA. Kama wote tungekuwa na hela ya simu kubwa tungekuwa tunatafuta fremu ya kupanga?

Binti wa Chamwino:
Mjukuu, simu kubwa haikusaidii siku zote. Baba yangu ana simu kubwa kuliko zenu zote, tulimnunulia sisi wenyewe. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo tumeongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho. Vichwa kwake vinakatika mapema kuliko kwenye kisimu changu cha zamani. Tangazo la maji la mtaani kwetu lilimfikia hivi: taa tatu, halafu NDUGU WANA… Akaweka simu chini. Maji yalikuwa yanakatwa siku mbili, sisi tuko mjini, mapipa matupu.

Na mdogo wangu haoni, anatumia TalkBack, ile sauti ya simu inayomsomea kioo. Ile inasoma kila kipicha kwa jina lake. Siku moja nimekaa naye, simu inasema moto, moto, moto, mama yuko jikoni akatoka mbio na ndoo. Kumbe ni punguzo la viatu.

Mama Cherehani:
Moto tatu! Nina hakika ni yeye yule yule.

Muuza Zabibu:
Jamani msichome emoji zote. Mimi nauza zabibu za Hombolo, na kila tangazo langu linaanza na 🍇 moja. Wateja wangu wengi wanapokea ujumbe mia kwa siku, wanapeleka kidole chini haraka, wakiona zabibu wanajua ni mimi. Sijawahi kubadilisha wala kuongeza ya pili. Msimu ukiisha sitoi tangazo, basi na kipicha hakionekani. Hicho ni kama kibanda changu chenye rangi yake.

Nilipata shida nilipoanza kuuza na maharage. Nikaweka 🫘, nusu ya wateja wakaniuliza mbona nimetuma kisanduku kitupu.

Kaka Stesheni:
Zabibu ni emoji ya siku nyingi, karibu kila simu inayo. Ya maharage iliingia mwaka 2021, simu ya kabla ya hapo isiyopata masasisho haina picha yake, inachora kisanduku. Kwa tangazo la biashara chagua za zamani.

Ila kuiweka mwanzoni mimi siafiki. Ningemwandikia yule dalali hivi:

```
Majengo sokoni: fremu 3 zinapangishwa 🏪
```

Mahali kwanza, kwa sababu ndilo jambo la kwanza mtu analoamua, naenda au siendi. Idadi kwa tarakimu, jicho linaikamata. "Mpya" na "za kisasa" nimezitupa ndani ya tangazo, mtu akifika ataziona mwenyewe. Kioo kidogo kikikata, kinachopotea ni kibanda cha mwisho tu. Na M ya Majengo imebaki peke yake, inafanya kazi yake.

Muuza Zabibu:
Ya kwako ni ya tangazo la mara moja, mteja hakujui. Mimi najulikana. Nikiweka zabibu mwishoni ikakatwa, nimepotea kwenye umati.

Kaka Stesheni:
Labda. Ukizidisha ya pili nitakukumbusha.

Mjukuu wa Nzuguni:
Na hapo juu mwenye uzi ameandika NUNUA SIMU KUBWA kwa herufi kubwa. Nani amemruhusu?

Mama Cherehani:
Ni maneno yake, nimeyaweka kama alivyoyatupa usoni kwangu. Mengine yote nimeandika kwa herufi ndogo, soma tena. Nimemtumia kile kichwa cha Kaka Stesheni. Mnajua amejibu nini? ASANTE KWA USHAURI 🔥🔥🔥

Mzee wa Miyuji:
Nimesoma haraka. Hizo fremu za Majengo sokoni ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Mama Cherehani:
Mzee wangu, shikamoo. Zimeshachukuliwa zote. Ndiyo kisa chenyewe.

Mzee wa Miyuji:
Marahaba. Na za Kisasa je?

Binti wa Chamwino:
Za Kisasa hazikuwepo, baba.

Bwana Bando:
Hata zingekuwepo, siku hizi mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mimi niliombwa ya mwaka na kilemba juu, kwa fremu isiyo na umeme.

Muuza Zabibu:
Kilemba cha nini kama fremu ni mpya? Kilemba unampa mpangaji anayekuachia, si mwenye nyumba.

Bwana Bando:
Mwambie wewe. Mimi nilimwambia, akaniuliza kama kweli nina shida na fremu.

Mzee wa Miyuji:
Huyo ni wa Nkuhungu? Maana na mimi kaniambia hivyo hivyo wiki iliyopita, na hela ya dalali ameiweka pembeni.

Bwana Bando:
Ndiye! Ana bajaji ya bluu?

Mzee wa Miyuji:
Hiyo hiyo. Na choo kiko nyuma, unazunguka nyumba nzima.