Kurudia maneno yako mwenyewe kwenye sehemu ya mbinu: mhariri avumilie mpaka wapi?

Mtafiti wa Ubungo
Wakuu, makala yangu ya pili kutoka utafiti wa mbu wa Kilombero imerudishwa hata kabla ya kufika kwa wahakiki. Ripoti ya iThenticate, programu ya kupima mfanano wa maandishi, inasema mfanano ni asilimia 31, karibu wote uko sehemu ya mbinu, na chanzo ni makala yangu mwenyewe ya kwanza. Vijiji ni vilevile, mitego ni ileile. Huu nao ni wizi?

Kijana wa Changanyikeni
Mkuu, chini ya asilimia 20 unapita, ukizidi hapo unarudishwa. Geuza sentensi, badili maneno mawili matatu, pima tena. Na wizi ni kuchukua cha mwenzako, chako huwezi kukiiba.

Mhariri wa Upanga
Hapo mwisho Kijana yuko karibu na ukweli, ila hiyo asilimia 20 si kanuni ya mahali popote. Ni namba ya jumla, na namba ya jumla haisemi maneno yanayofanana yako wapi. Programu hiyohiyo ina kitufe cha kuacha sehemu ya mbinu isihesabiwe. Mimi hufungua ripoti nikaangalia chanzo kimoja kimoja. Asilimia 31 iliyokaa kwenye mbinu, kutoka kwa mwandishi yuleyule aliyetaja makala yake ya awali, nairuhusu. Asilimia 8 iliyokaa kwenye mjadala wa matokeo hainipi usingizi. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, nao haumpi mhariri namba ya kukatia: unamtaka atazame maneno ni mengi kiasi gani, yako sehemu gani, na kama chanzo kimetajwa.

Huo ushauri wa kugeuza sentensi ndio unaonitisha. Niliwahi kupokea makala ya usugu wa mbu. Ya kwanza ya mwandishi huyo ilieleza vizuri kipimo cha tyubu cha WHO: majike ambao hawajanyonya damu, wenye siku 3 hadi 5, wanakaa saa moja kwenye tyubu yenye karatasi ya permethrini ya asilimia 0.75, kisha wanahamishiwa tyubu safi wakiwa na maji ya sukari, na vifo vinahesabiwa baada ya saa 24. Ya pili ilisema mbu "waliwekwa kwenye permethrini kwa saa 24, kisha waliokufa wakahesabiwa." Alikuwa anakimbia mfanano, basi. Lakini vifo vikiwa chini ya asilimia 90 ndipo tunasema mbu ni sugu, na kigezo hicho kimejengwa juu ya saa moja. Ukiwaacha na dawa mchana na usiku, hata walio sugu watakufa wengi. Anayesoma makala hiyo akarudia kipimo atapata jibu lingine kabisa.

Mama wa Tabata
Samahani naingilia. Tasnifu yangu iko kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, sasa nataka kutoa makala. Nifute tasnifu kwanza?

Mhariri wa Upanga
Usifute, mama. Majarida mengi hayahesabu tasnifu kuwa makala iliyokwisha kuchapishwa. Itaje kwenye barua ya kuwasilisha, na usome masharti ya jarida lenyewe.

Mtakwimu wa Kigamboni
Mimi sikubaliani na uvumilivu huo. Anayenakili mbinu hunakili na yasiyofanyika. Nimehakiki makala ambayo mbinu zake zilisema mitego ya taa ilitegwa saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, jedwali likaonyesha mbu walionaswa kwa saa, na kwa saa 4 tu za usiku. Aya ile ilikuwa imehamishwa nzima kutoka utafiti mwingine. Aandike "kama tulivyoeleza awali", ataje makala, yaishe.

Mtafiti wa Ubungo
Makala yangu ya kwanza iko kwenye jarida la kulipia. Msomaji wa hospitali ya wilaya ataifungua vipi?

Mhariri wa Upanga
Ndiyo maana "kama tulivyoeleza" mimi siipendi peke yake. Mara nyingi ukiifuata inakupeleka makala nyingine, nayo inakupeleka nyingine, na hakuna hata moja inayokwambia joto la chumba. Mtakwimu ana haki kuhusu aya ile. Tiba yake ni kusoma mstari kwa mstari ukiwa na daftari la kazi pembeni, na kuandika wazi: "Maelezo ya ukusanyaji wa mbu yamechukuliwa kutoka makala yetu ya awali, isipokuwa vipimo vya usugu."

Ila kwa kuwa hiyo ya kwanza ni ya kulipia, angalia mkataba uliosaini. Ingekuwa na leseni huria ya CC BY ungenakili kwa kutaja tu. Kama haki ulimkabidhi mchapishaji, aya ndefu inaweza kuhitaji ruhusa yake.

Kijana wa Changanyikeni
Kwa hiyo niombe ruhusa kutumia maneno yangu? Hapo bado mnanipoteza.

Mtakwimu wa Kigamboni
Na mimi bado nataka iwe fupi. Maelezo kamili yawekwe kwenye kiambatisho.

Mtafiti wa Ubungo
Nimewaandikia nikitaja makala ya kwanza na sentensi hiyo ya Mhariri. Ule mkataba ndio nautafuta, mwandishi mwenzangu ndiye aliyesaini.