Kikao cha Jumamosi: mkopo wa mafuta ya alizeti

Shangazi, 18:42
Hamjambo ndugu zangu. Jumamosi saa nne Mama Eliya anaingia kwa kamati ya mikopo. Karatasi yake nimeisoma, ina tatizo. Ameomba 1,200,000. Mama Eliya, kwa wiki unauza madumu mangapi?

Mama Eliya, 18:50
Shikamoo shangazi. Sita, miezi ya mavuno ya alizeti. Dumu la lita 20 nalichukua mashineni 88,000, nikipima lita lita napata 104,000.

Shangazi, 18:53
Marahaba. Basi hela yako inazunguka kila wiki. Madumu sita ni 528,000, yakiisha unachukua mengine sita. Hizo zilizobaki zitafanya kazi gani? Kamati watauliza hilohilo, nilikaa nao miaka saba.

Mama Eliya, 18:55
Niliambiwa huwa wanakata nusu, nikaongeza.

Binamu, 19:10
Mwacheni aombe hizo hizo, arefushe tu miezi, rejesho litashuka.

Shangazi, 19:12
Litashuka, ila riba ni 1.5% ya mkopo wote kila mwezi, miezi ikiongezeka nayo inaongezeka. Kwa miezi 12, 1,200,000 ni 118,000 kila mwezi. Ukiomba 600,000 ni 59,000.

Mjomba Kibaigwa, 19:20
Mimi bodaboda nilirejesha kila siku, karatasi sikuulizwa.

Binamu, 19:21
Si ile wanayolalia kuku 😂😂

Kaka, 19:22
😂😂 mayai yamerudisha hela

Shangazi, 19:24
Tutacheka baadaye. Mwezi mzuri ni madumu 24, faida 384,000. Ukitoa usafiri 48,000, fremu 40,000 na chakula cha nyumbani 120,000, inabaki 176,000. Mwezi mbaya je?

Mama Eliya, 19:31
Januari hadi Machi madumu 14. Watu wako shambani, mahindi yamepanda, mteja anataka robo lita.

Shangazi, 19:36
Hapo usafiri unashuka hadi 28,000, inabaki 36,000. Rejesho la 59,000 linapungukiwa 23,000, miezi mitatu 69,000. Andika kwamba hiyo 69,000 utaiweka pembeni kuanzia Juni, usiifiche. Kwa 118,000 ungepungukiwa 82,000 kila mwezi.

Wifi, 20:02
Na mdhamini ni nani? Maana deni la ile mashine ya kusaga nililimalizia mimi.

Mama Eliya, 20:03
Wifi, hayo si tuliyamaliza pale Bahi?

Wifi, 20:04
Mliyamaliza nyie.

Baba Mkubwa, 20:40
Ng'ombe wawili walitoka zizini kwangu kwa ajili ya mashine ile. Nitasaini mara moja hii, kwa 600,000. Daftari la kukopesha wateja lifungwe.

Kaka, 20:41
Shikamoo baba mkubwa.

Mama Eliya, 20:52
Nimesikia baba mkubwa. Kuna mama ntilie wawili wananilipa Ijumaa, hao tu…

Shangazi, 20:55
Hao waandike na tarehe zao. Mdhamini wa pili nani? Wanataka wawili.

Shangazi, 21:30
Kaka? Mjomba?

Mjomba Kibaigwa, 22:47
Simu ilizima. Mnasema Jumamosi ipi?