Bajeti ya draivu moja tu: niiweke kwenye pampu au kwenye konveya?

fundi_msagaji
Wakuu habari za leo. Nipo kiwanda kidogo cha kusaga saruji huku Tanga, upande wa umeme. Bosi kakubali kununua draivu moja ya kupunguza spidi ya mota, moja tu, na anataka nimpelekee karatasi yenye yuniti tutakazookoa kwa mwaka. Nina sehemu mbili. Ya kwanza pampu ya maji ya kupoozea, mota 37 kW, mizunguko 1480 kwa dakika, maji yanapanda hadi juu ya mnara wa kupoozea. Vinu vikiwa viwili inatoa kama kyubiki 200 kwa saa na valvu iko wazi yote. Kinu kikiwa kimoja tunahitaji 150 hivi, basi opareta anabana valvu mpaka kwenye alama ya rangi nyekundu iliyopigwa kwenye shina lake, na ndivyo inavyoshinda siku nyingi, kwa mwaka masaa 5,000 valvu imebanwa na masaa 1,000 iko wazi. Ya pili ni konveya ya klinka, mota 15 kW, inatembea masaa 6,000 kwa mwaka, na haijai, uwezo wake tani 100 kwa saa sisi tunalisha kama 60. Niweke wapi?

Voltimoja
Pampu moja kwa moja mkuu, usiumize kichwa. Pampu ukipunguza spidi umeme unashuka kwa mara tatu, yaani ukienda asilimia 75 ya spidi unachukua 0.75 mara 0.75 mara 0.75 inakuja 0.42, kwa hiyo unaokoa asilimia 58. 37 kW mara 0.58 mara masaa 6,000 ni zaidi ya yuniti 128,000 kwa mwaka. Mpelekee bosi hiyo, atasaini hapo hapo.

Dada_Kilowati
Voltimoja kwenye kuchagua pampu uko sahihi ila hiyo namba itamuaibisha mwenzetu mwakani. Kwanza 37 ni maandishi ya kibati, ni nguvu ambayo mota inaweza kutoa kwenye shafti, sio umeme inaokula leo. Pili masaa 1,000 pampu inatakiwa iende full, hapo hakuna unachookoa. Tatu, na hii ndio kubwa, ile sheria ya mara tatu inakaa vizuri pale ambapo presha yote ni ya msuguano wa bomba peke yake. Huyu anapandisha maji juu ya mnara, na ule urefu haupungui hata ukipunguza spidi.

Fundi, kabla ya hesabu yoyote naomba vipimo. Ampia valvu ikiwa wazi na ikiwa imebanwa, na pawa fakta kama una mita inayoisoma. Halafu geji ya presha, moja kabla ya valvu na moja baada ya valvu, zote kwenye kimo kimoja. Ukizima pampu soma pia geji ya baada ya valvu wakati bomba bado limejaa maji, itakupa ule urefu wa mnara. Na ukiweza funga valvu kabisa kwa nusu dakika pampu ikitembea, soma presha, fungua haraka usije ukachemsha maji ndani ya pampu.

Mzee wa Kisima
Naomba nichangie kidogo maana mimi yalinikuta. Tuna kisima cha jumuiya huku kwetu, maji yanapanda mita 90 na zaidi mpaka kwenye tenki la juu, bomba ni fupi na pana. Tukashauriwa draivu itapunguza bili, tukachanga, tukafunga. Tukawa tunaendesha hezi 42 badala ya 50 na kweli ampia zikashuka tukafurahi, lakini tenki likawa linachukua karibu mara mbili ya muda kujaa na bili ikawa ile ile, mwezi mmoja ikazidi kidogo. Kwa hiyo mimi sishauri draivu kwenye pampu.

Dada_Kilowati
Mzee shikamoo. Kisa chako ni cha kweli kabisa, ila kwako karibu kazi yote ilikuwa kupandisha maji, msuguano kidogo sana, na hukuwa na valvu iliyobanwa. Hapo hakukuwa na cha kuokoa. Kila lita lazima ipande zile mita 90 utake usitake, ukienda taratibu unalipia muda mrefu na pampu inafanya kazi mbali na pale inapopenda. Kwako ni bora kuzima na kuwasha kwa floti. Kwa fundi ni tofauti, yeye anatengeneza presha halafu anaiua kwenye valvu.

Mzee wa Kisima
Marahaba mwanangu. Hilo hatukuambiwa siku ile.

fundi_msagaji
Nimerudi na vipimo, leo tulikuwa na kinu kimoja nikapata nafasi. Volti 400. Valvu wazi ampia 62, pawa fakta 0.86. Valvu imebanwa ampia 56, pawa fakta 0.835. Geji kabla ya valvu bar 5.0, baada ya valvu bar 3.0. Pampu imezimwa bar 1.2. Valvu imefungwa kabisa bar 5.75. Kitu nimegundua leo nikiwa nimeinama pale kusoma geji, bomba baada ya valvu linalia kama changarawe inapita ndani, na ukiweka mkono unasikia linatetemeka, ila bomba la kabla ya valvu limetulia. Nimepita pale kila siku miaka na sikuwahi kulisikia vile.

Dada_Kilowati
Safi sana, hicho unachokisikia ndio pesa yenu inaisha pale. Sasa hesabu:

```
kW = 1.732 x V x A x PF / 1000
1.732 x 400 x 56 x 0.835 / 1000 = 32.4
```

Umebana valvu maji yamepungua robo nzima, lakini umeme umetoka 36.9 kW ukaja 32.4 tu. Sasa angalia geji. Pampu inatengeneza bar 5, mfumo wako unahitaji 3, bar 2 zinaliwa na valvu. Draivu ukiifunga unafungua valvu yote na kushusha spidi mpaka pampu itoe bar 3 tu kwa maji yale yale. Maji sawa, presha tatu kwa tano, basi umeme unakuwa kama tatu kwa tano, ilimradi ufanisi wa pampu usibadilike sana, na hapa hautabadilika sana. 32.4 mara 0.6 ni 19.4, draivu yenyewe inakula kama asilimia 3 kwa joto, sema 20. Unaokoa 12.4 kW kwa masaa 5,000, yuniti 62,000. Toa yale masaa 1,000 ya full ambapo draivu inakula bure kama 1.1 kW, yuniti 1,100. Inabaki karibu 61,000. Hiyo ndio mpelekee bosi, na mwambie inaweza kucheza asilimia 10 huku au kule kwa sababu geji za kawaida hazisomi kwa usahihi mkubwa.

Na usishangae ukikuta spidi haitashuka mpaka hezi 37.5 kama ile robo inavyodanganya. Kwa sababu ya mnara itasimama kwenye 40 hivi. Ukiishusha chini ya 23 maji hayatapanda kabisa, non-ritani inabaki imefungwa na pampu inakoroga maji yale yale mpaka yanachemka. Weka kikomo cha chini 30.

Voltimoja
Dah, 61,000 sio 128,000. Nimekubali dada. Lakini kwenye konveya si sheria ni ile ile?

mkanda_na_rola
Hapana kaka, konveya ni kitu kingine kabisa. Nimefanya konveya za kokoto miaka mingi. Tani 60 zinazopanda kwa saa ni 60 hata mkanda ukienda polepole, unakuwa tu umejaa zaidi. Kinachopungua ni ule umeme wa kuzungusha mkanda mtupu na rola zake, nao unapungua sawasawa na spidi, hakuna cha mara tatu. Fundi umepima ikiwa tupu?

fundi_msagaji
Tupu 5.2 kW, na mzigo 7.2. Na kusema kweli kati ya yale masaa 6,000 kama 2,000 inazunguka tupu, wanasubiri hopa ijazwe.

mkanda_na_rola
Sasa ona. Mzigo wenyewe ni 2 kW, huo hauguswi. Ukishusha spidi mpaka asilimia 65, ile 5.2 inakuwa 3.4, jumlisha 2 ni 5.4, hasara ya draivu na mota kupwaya sema 5.8. Umeokoa 1.4 kW kwa masaa 4,000, yuniti 5,600. Kwenye masaa ya tupu utaokoa kama 1.6, yuniti 3,200. Jumla 8,800. Lakini ukifunga sensa kwenye hopa na taima, mkanda ukikaa mtupu dakika kadhaa uzime, unaokoa yote 5.2 kwa masaa 2,000, ni 10,400 na hujanunua draivu. Ila angalia kuwasha kusiwe kila baada ya dakika mbili, kuwasha moja kwa moja kunavuta mkanda kwa nguvu, jointi zinaachia na giaboksi inaumia. Hapo ndipo mimi napenda draivu au softi stata kwenye konveya, kwa ajili ya kuwasha taratibu, sio kwa ajili ya yuniti.

Bomba_la_Nchi6
Samahani nauliza, kwa nini msikate impela tu? Unapeleka leti, unapunguza kipenyo, gharama ndogo na hakuna elektroniki ya kuharibika.

Dada_Kilowati
Wazo zuri kama wangehitaji 150 mwaka mzima. Yale masaa 1,000 ya vinu viwili impela iliyokatwa haitafika 200, na ukishakata hurudishi.

Bomba_la_Nchi6
Basi pampu ndogo ya pili pembeni, mota 22 kW, yenye bar 3 na kyubiki 150. Kinu kimoja unawasha ndogo, viwili unawasha kubwa. Itakula 19 hivi, chini hata ya draivu, na ikiharibika moja hujasimama kabisa.

Dada_Kilowati
Hapo siwezi kukupinga. Ila maji yakihitajika 120 au 170 utarudi kubana valvu.

Bomba_la_Nchi6
Kwa alivyosema anahitaji mbili tu, 150 na 200. Mimi naona bado pampu ndogo.

fundi_msagaji
Nitaomba bei zote mbili. Swali la yuniti kwenda pesa, nachukua bili nzima nagawa kwa yuniti?

Dada_Kilowati
Usifanye hivyo. Bili yenu ina mstari wa yuniti na mstari wa kVA ya juu ya mwezi. Mwezi wowote vinu viwili vikitembea pamoja kVA yenu inabaki ile ile, kwa hiyo tumia bei ya mstari wa yuniti peke yake. Ikiwa kwa mfano ni shilingi 200, basi 61,000 ni milioni 12.2 kwa mwaka.

Kingine, ukishafunga usipime na klampmita upande wa mota ukalinganisha na zile 56 za zamani. Baada ya draivu volti nayo imeshuka, ampia peke yake hazikwambii kitu. Weka mita ya yuniti kabla ya draivu, wiki moja ya kinu kimoja kabla ya kufunga na wiki moja baada, na andika na saruji mliyosaga.

mkanda_na_rola
Na hakikisheni ile valvu inafunguliwa yote na mpini mnautoa kabisa. Nimeshakuta mahali draivu ina miaka miwili, valvu bado iko kwenye alama ya zamani kwa sababu opareta wa zamu ya usiku ndivyo alivyofundishwa, na draivu inasoma hezi 50.

fundi_msagaji
Alama nyekundu nitaipaka rangi nyingine siku hiyo hiyo. Bado paneli inanipa wasiwasi, iko mita tano kutoka kinu na vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye kontakta. Kuna aliyefunga draivu kwenye chumba cha namna hiyo ikadumu?