Fundi katelekeza saiti, nataka kuvunja mkataba: barua iandikwe vipi na pesa niliyozuia inahesabiwaje?

BomaBilaPaa
Wakuu, naombeni ushauri. Nina mkataba wa maandishi na mkandarasi wa kunijengea nyumba kwa bei moja ya jumla. Ili nisitaje pesa, tuseme bei yote ni 100. Kwenye mchanganuo, msingi na jamvi ni 25, kuta 20, linta na kozi za juu 10, paa 20, plasta na sakafu 15, milango, madirisha na rangi 10.

Msingi na kuta vimekwisha, nikalipa nikiwa nimekata asilimia 10 kama mkataba unavyosema. Kwa hiyo nimetoa 40.5 na nimezuia 4.5. Baadaye akaomba 12 za awali za kununulia vifaa vya paa, nikampa. Akaleta mbao kiasi, akamwaga zege la linta upande mmoja, kisha kimya. Ni zaidi ya mwezi sasa. Simu inaita, hapokei. Vijana wake nasikia wako saiti nyingine.

Mkataba una kifungu kwamba akiacha kazi nimpe notisi ya siku 14, asiporudi naruhusiwa kuuvunja. Nataka kuandika barua moja tu: mkataba umekwisha, kazi uliyofanya ni hii, na ile 4.5 nimeichukua kama fidia. Nimekosea wapi?

SioMwoga
Hujakosea popote mkuu. Kakimbia mwenyewe, ile 4.5 ni yako. Ndiyo maana huwa inazuiliwa. Andika barua, lete fundi mwingine kesho.

DoktaRangi
Pole sana. Ukitafuta fundi mwingine usiangalie bei, mwombe akuonyeshe nyumba tatu alizomaliza. Na rangi ya nje usikubali ipigwe kabla plasta haijakauka vizuri.

KijanaWaNondo
Mimi ni upande wa mafundi, nitauliza swali ambalo hamtalipenda. Kuna malipo yoyote alikuwa anakudai siku alipoondoka? Nilishawahi kusimamisha kazi kwa sababu mwenye nyumba alikaa na hati yangu ya malipo bila kulipa, halafu akaniandikia eti nimetelekeza. Kama mkataba unamruhusu fundi asimame asipolipwa, kusimama huko si kutelekeza, na ukiuvunja kwa sababu hiyo wewe ndiye unakuwa mvunjaji.

BomaBilaPaa
Swali la haki. Hakuna deni. Linta haijafika hatua ya kulipwa, na 12 za paa nilimpa kabla ya wakati.

MpimaKazi
Basi una msimamo mzuri, ila barua moja itakuharibia. Kifungu chako kinataka notisi kwanza. Andika leo: kazi imesimama tangu tarehe fulani, saiti haina mtu, rudi uendelee ndani ya siku 14 kwa kifungu namba fulani. Ipeleke kwenye anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, na ubaki na uthibitisho wa kupokelewa. Zikipita bila yeye kurudi, ndipo barua ya pili ya kuuvunja.

Hiyo ya pili itaje tarehe mkataba unapokoma, imwite kwenye upimaji siku na saa fulani, na iseme wazi kwamba asipokuja kazi itapimwa bila yeye. Mlete mkadiriaji majenzi asiye ndugu yako wala rafiki wa fundi mpya. Na fundi mpya asiguse hata tofali kabla ya hapo. Akishaongeza kozi moja, hakuna atakayejua ya nani iliishia wapi.

Orodha isiseme "kuta zimekamilika". Iseme hivi: "Kuta za nje na za ndani, kozi 9 juu ya jamvi, zimepimwa na kupigwa picha. Linta: zege limemwagwa ukuta wa mbele tu, nondo zinaonekana kwa chini sehemu mbili, zege lina matundu. Upande wa nyuma nondo zimefungwa, boksi lipo, zege hakuna." Picha ionyeshe futi kamba ikiwa imewekwa kwenye kasoro. Vifaa vyake pia viorodheshwe, mirunda na mashine ya zege kama ipo. Hivyo ni mali yake, usiviuze.

MamaWawili
Naunga mkono habari ya anwani. Mimi wangu nilimwandikia kwa meseji tu. Aliporudi nilikuwa nimebadilisha kufuli, akadai nimemfungia nje ya kazi yake, na sikuwa na karatasi ya kumjibu. Tuliishia kugawana hasara.

SioMwoga
Sawa kwa notisi, nimekubali. Lakini 4.5 bado ni ya Boma, au tuwe tunawalipa watu waliokimbia?

MpimaKazi
Ile 4.5 si faini. Ni sehemu ya bei ya fundi iliyobaki mkononi mwa mwenye nyumba. Usiitenge peke yake, hesabu ni moja: jumla utakayolipa mpaka nyumba iishe, ukilinganisha na 100. Mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC ya 1999 inaenda njia hiyohiyo kwenye vifungu 15.2 hadi 15.4: kazi inathaminiwa siku ya kuvunja, na mwenye mradi anaweza kuzuia malipo mengine mpaka gharama za kumalizia zijulikane.

Boma, umeshapata bei ya fundi mpya?

BomaBilaPaa
Anataka 60. Humo kuna kubomoa linta ya mbele na kuirudia, na anatumia mbao zilizopo, nadhani zina thamani ya 5. Ila paa nimebadilisha kutoka bati kwenda vigae, hiyo imeongeza 4.

MpimaKazi
Vigae ni hiari yako, humdai mtu. Inabaki 56. Umeshalipa 40.5 na 12, yaani 52.5. Jumla ni 108.5. Kwa hiyo fundi wa kwanza ndiye anadaiwa 8.5, na 4.5 imeshamezwa humo. Ukiitoa tena utakuwa umeihesabu mara mbili.

Jihakiki kwa njia nyingine: msingi 25, kuta 20, mbao 5, linta sifuri kwa kuwa inabomolewa. Hiyo ni 50, umelipa 52.5, umezidisha 2.5. Kazi iliyobaki kwa bei ya zamani ni 50, mpya ni 56, tofauti 6. Mbili na nusu na sita ni 8.5. Zikigongana hesabu hizi mbili, kuna kitu umekidai mara mbili, na mara nyingi ni kasoro: mtu anaipa linta sifuri halafu anadai na gharama ya kuivunja tena juu ya bei ya fundi mpya.

Na SioMwoga, kama fundi mpya angemaliza kwa 45, jumla ingekuwa 97.5 na yule aliyekimbia angekuwa na haki ya 2.5, ukitoa hasara nyingine mkataba unazoruhusu. Ndiyo maana barua ya kuvunja haitaji kiasi. Inasema tu malipo yote yamesimama mpaka hesabu ya mwisho.

KijanaWaNondo
Mbao zililipwa kweli dukani? Sisi tunazichukua kwa mkopo sana.

BomaBilaPaa
Hapo ndipo naogopa. Jana kuna mtu alipita na risiti akisema zake hazijalipwa, na mimi 12 nilishatoa.

MpimaKazi
Usizitumie kwanza. Nakala ya risiti, jina la mnunuzi lililoandikwa, na kama kuna sharti kwamba mbao ni za muuzaji mpaka zilipwe. Bila sharti hilo una nafasi ya kusema zilihamia kwako. Likiwepo ni suala la wakili, sitajifanya nalijua. Akishinda yeye, ile 5 inatoka kwenye thamani, fundi mpya anapandisha bei kwa mbao nyingine, na deni la wa kwanza linakuwa kubwa zaidi.

BomaBilaPaa
Notisi ya kwanza naipeleka kesho asubuhi. Risiti nitaifuatilia.