Picha ya bredibodi inaunguza ledi za wanafunzi Tabora, na lawama anabebeshwa muuza vipuri

FundiKanyenye (mleta uzi)

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Nina kibanda cha kutengeneza redio na kuuza vipuri hapa Kanyenye, Tabora mjini, na tangu kituo kimoja cha mafunzo kianze kuwagawia vijana karatasi yenye picha ya bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuungia vipuri bila kulehemu, nimekuwa nikirudishiwa ledi nyekundu zilizoungua na kuambiwa mbele ya wateja wengine kwamba nauza feki. Jana mzazi mmoja alinitupia ledi juu ya meza na kudai fedha yake, wakati kidoa cheusi kilichokuwa ndani ya kile kioo cha plastiki kilionyesha wazi kwamba imepitishwa umeme kupita uwezo wake.

Nikaiomba hiyo karatasi niione. Katika picha, reli za pembeni zinalishwa na chaja ya simu ya volti 5. Waya mwekundu unatoka reli ya chanya na kuingia tundu la 12b. Rezista, kile kipuri cha kupunguza mkondo, imepinda juu ya waya huo kama daraja, mguu mmoja ukiwa 12a na wa pili 12d. Mguu mrefu wa ledi uko 12e, mguu mfupi 13e, na kutoka 13a waya mweusi unarudi reli ya hasi. Ukiitazama haraka utasema kila kitu kipo, kwa sababu ledi ipo, rezista ipo na nyaya zipo.

Lakini matundu matano ya mstari wa 12, kuanzia a hadi e, yameunganishwa kwa chini na kipande kimoja cha chuma, kwa hiyo miguu yote miwili ya rezista hiyo imesimama juu ya chuma kilekile. Umeme unaoingia 12b unafika 12e moja kwa moja bila kupita ndani ya rezista, na ledi inapokea volti zote 5 peke yake. Rezista ile ni pambo. Na kana kwamba hilo halitoshi, maelezo chini ya picha yanasema "rezista ya thamani yoyote itafaa". Naomba mtu wa kituo hicho aje hapa atueleze nani aliipitisha karatasi hii.

Mwana_Ujiji

Pole sana, fundi. Mimi niko Kigoma na vitu hivi nimevigusa kidogo. Kosa lao kubwa ni kwamba rezista imewekwa vibaya, na hapo uko sahihi, lakini naongeza kwamba ni lazima ikae upande wa chanya, kabla ya ledi, ili ipunguze umeme kabla haujafika. Ukiiweka upande wa hasi, ledi inakuwa imekwisha kuungua.

BodaGungu

Samahani wakuu, mimi nina pikipiki na nimefunga ledi ndogo nyekundu kwenye dashibodi kutoka betri ya volti 12. Haidumu hata mwezi. Hii nayo ni kwa sababu ya hiyo bredibodi, au ledi za siku hizi ni mbovu kama anavyosema yule mzazi?

MamaWawili_Cheyo

Mwanangu naye alipewa karatasi hiyohiyo, akaifuata tundu kwa tundu, na ledi yake inawaka mpaka leo. Kwa hiyo sioni haki ya kukilaumu kituo kizima. Pengine ledi zako, fundi, kweli zina tatizo, usichukie.

Mkufunzi_Mstaafu

Nimefundisha umeme kwa miaka mingi, naomba niingie kwa utaratibu.

Ndugu wa Ujiji, hapana. Vitu vilivyofungwa kwa mfuatano katika njia moja hupitiwa na mkondo uleule, hivyo rezista ikikaa kabla ya ledi au baada yake, matokeo ni yaleyale. Cha lazima ni kwamba umeme usiwe na njia nyingine ya kuikwepa, na katika picha ya fundi njia hiyo ipo.

Sasa kuhusu "thamani yoyote", maneno ambayo kwangu mimi ni kosa baya kuliko hata picha. Ledi haijizuii yenyewe. Ile nyekundu ikifika karibu volti 2 inafunguka, na kuanzia hapo nyongeza ndogo sana ya volti inaongeza mkondo mara dufu. Ndiyo maana hatuilishi kwa kubahatisha, bali tunaiachia volti zake 2, na volti 3 zinazobaki kwenye 5 tunazibebesha rezista. Ukitaka miliampea 10, ambazo zinatosha kabisa kwa taa ya kuonyesha, hesabu ni hii:

```
R = (5 - 2) / 0.010 = 300
```

Dukani utakuta omu 330, nayo itakupa miliampea 9. Ile ya omu 220 itakupa karibu 14, bado salama, kwa kuwa ledi nyingi ndogo za aina hii zimewekewa kikomo cha 20 kwa mkondo usiokatika. Lakini kijana aliyeambiwa "yoyote" akichukua ya omu 22, mkondo unapanda mpaka kwenye miliampea 136, na hata rezista yenyewe ya robo wati inaelemewa. Na kuzichanganya ni rahisi: 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia, 22 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi. Kama karatasi hiyo imetolewa kopi isiyo na rangi, mwanafunzi atatofautisha kwa kitu gani?

Bwana wa Gungu, suala lako ni jingine. Betri ya pikipiki injini ikiwaka hupanda kufikia volti 14 na kidogo. Umeweka rezista ya ngapi?

BodaGungu

Sijaweka, mzee. Fundi wa mtaani alisema ledi haili umeme.

Mkufunzi_Mstaafu

Weka omu 1,000. Utapata kama miliampea 12, na hiyo rezista ya robo wati itapata joto lakini itahimili.

Mama wa Cheyo, ledi ya mwanao ni ya rangi gani, na umeme anautoa wapi?

MamaWawili_Cheyo

Ni nyeupe, na ameifunga kwenye betri mbili za tochi. Chaja tulimkataza.

Mkufunzi_Mstaafu

Basi hapo ana volti 3, na ledi nyeupe yenyewe inahitaji karibu 3, kwa hiyo hakuna ziada ya kuiunguza. Mwanao hakufuata karatasi, na hilo ndilo lililomwokoa.

FundiKanyenye (mleta uzi)

Ahsante, mwalimu. Nimefanya jaribio mezani mbele ya yule mzazi wa jana, ambaye alirudi akiwa bado amenuna. Nilihamisha mguu mmoja tu wa rezista ya 330 kutoka 12d kwenda 17d, na ledi mpya nikaiweka 17e na 18e, waya mweusi ukahamia 18a. Nikaweka mita kwenye miguu miwili ya rezista, ikasoma karibu volti 3. Kisha nikaipanga kama ilivyo pichani, mita ikasoma sifuri, ledi ikawaka kwa rangi ya kuelekea machungwa, ikatoa harufu, ikazima. Alinyamaza, lakini fedha yake bado anaidai, akisema ledi nzuri ingevumilia.

Mwana_Ujiji

Kuhusu upande wa hasi bado sijaridhika, mwalimu. Nitafunga zote mbili leo usiku nione.

Mkufunzi_Mstaafu

Funga, na upime mkondo pande zote mbili. Fundi, tuwekee hapa picha ya hiyo karatasi, ila ufiche jina la kituo.